Mwenzako akishikwa na paniki ataki: useme nini, na maneno gani uyameze

Mara ya kwanza ilikuwa saa nane na kitu usiku. Mke wangu alikurupuka usingizini kama mtu aliyemwagiwa maji, akakaa katikati ya kitanda kashika kifua, jasho linamtoka na feni inazunguka, anasema "moyo wangu, moyo wangu, nakufa". Mimi nikafanya kila kitu ambacho leo ningemkataza mtu mwingine. Nikawasha taa kubwa, nikamshika mabega nikamwambia "tulia, hebu tulia kwanza, huna kitu", nikampepea na gazeti, nikamwambia "vuta pumzi, vuta pumzi ndefu", akavuta, akazidi. Mama yangu mzazi ambaye tunakaa naye akasikia akaja mbio kajifunga kitenge, akasema "huyu amepandisha", watoto nao wakaamka wakasimama mlangoni wanalia, yani chumba kizima kinamwangalia mtu mmoja. Tukaita bajaji mpaka hospitali, wakampima presha na sukari, wakambandika nyaya za kupima moyo, kufika saa kumi alfajiri yuko sawa kabisa na anaona aibu, daktari akasema "moyo mzima, hamna kitu", tukarudi nyumbani na hiyo hamna kitu yetu.

Toka hapo imetokea tena na tena, sasa ni mwaka wa tatu, imepungua sana lakini nimeshakaa naye usiku wa kutosha kujua kipi kinasaidia na kipi kinamwaga petroli. Naandika kwa ajili ya wewe uliyekaa pembeni, sio mgonjwa mwenyewe, maana huyo akishikwa hana muda wa kusoma chochote.

Kwanza uelewe mwili unafanya nini, ukishaelewa hapo maneno ya kusema yanakuja yenyewe.

Paniki ataki ni kengele ya hatari ya mwili kulia bila moto. Ubongo unatoa amri ileile ambayo ungeipata ukikutana na simba njiani: adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, misuli inakaza, jasho, tumbo linavurugika, na pumzi inakuwa ya harakaharaka. Hapo kwenye pumzi ndio penye siri. Watu wengi wanadhani mtu huyu amekosa hewa, kumbe hewa anayo nyingi kupita kiasi, anachopoteza ni kaboni dayoksaidi kwa sababu anapumua haraka kuliko mwili unavyohitaji. Ikishuka hiyo, vidole vinaanza kuchomachoma, midomo inakufa ganzi, kichwa kinazunguka, kifua kinabana, wengine mpaka vidole vya mikono vinajikunja. Kama ushawahi kuupuliza mkaa wa jiko uliogoma kuwaka, ukapuliza kwa nguvu mpaka ukaona nyota, basi unakijua hicho kizunguzungu, ni kilekile. Sasa yeye anakisikia saa nane usiku bila jiko wala mkaa, lazima aamini anakufa, na akiamini anakufa kengele inalia zaidi, anapumua haraka zaidi, gurudumu linazunguka.

Ndio maana ile "vuta pumzi ndefu" niliyomwambia ilimzidishia. Nilikuwa namwongezea hewa mtu aliyefurika hewa.

Kitu cha pili cha kukijua ni muda. Ataki inapanda haraka, kilele chake mara nyingi kinafika ndani ya dakika 10 hivi, halafu inaanza kushuka, wengi ndani ya nusu saa wameshatoka ingawa uchovu unabaki. Inashuka hata kama hujafanya chochote, mwili hauwezi kushikilia ile hali milele. Kwa hiyo kazi yako sio kuizima, kazi yako ni kukaa naye mpaka ipite bila kuichochea. Mimi hili lilinichukua muda kulikubali kwa sababu mwanaume ukiona mke wako analia nakufa unataka kufanya kitu, chochote, na hicho chochote ndio kinaharibu.

Lakini kabla hujaanza kujifanya mtaalamu: mara ya kwanza kabisa, nenda hospitali. Sikutanii. Kwa macho huwezi kutofautisha paniki na matatizo mengine yanayofanana nayo, kuna moyo, kuna pumu, kuna sukari kushuka, kuna tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, kuna upungufu wa damu, kuna damu kuganda ikaenda kwenye mapafu. Ile safari yetu ya bajaji haikuwa kosa, kosa ni vile tulivyomfanyia kabla ya bajaji. Na hata kama ameshapimwa na mnajua ni paniki, ondokeni mara moja kama maumivu ya kifua yanasambaa kwenda mkono, taya au mgongo, kama yalianza akiwa anapanda ngazi au anabeba kitu kizito, kama amezimia kweli (kwenye paniki mtu anahisi atazimia lakini mara chache sana anazimia, kwa sababu presha huwa imepanda na kuzimia kunahitaji presha ishuke), kama anapumua kwa mlio wa filimbi au midomo imekuwa ya bluu, kama upande mmoja wa mwili umelegea au mdomo umepinda, kama mguu mmoja umevimba na unauma. Mjamzito au aliyejifungua karibuni msimkisie kabisa, mpelekeni. Na kama dakika 30 au 40 zimepita na haishuki hata kidogo, inukeni.

Haya, tuseme ameshapimwa, mnajua ni yenyewe. Nitawapeleka kwenye usiku mmoja wa mwezi wa sita mwaka jana ambao ulienda vizuri, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni wewe mwenyewe

Saa 8:10 nasikia kitanda kinatikisika, ameshakaa. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa pumzi yangu mimi, taratibu, mara mbili, kabla sijafungua mdomo. Ukikurupuka na wewe, sauti yako ikapanda, anasoma usoni kwako kwamba kweli kuna hatari. Nikawasha tochi ya simu nikaielekeza ukutani, sio taa kubwa. Nikashuka nikakaa chini pembeni yake, kidogo ubavuni, macho yangu yakiwa chini ya yake. Usimsimamie kichwani kama askari, na usikae kati yake na mlango, mtu aliyekuwa kwenye ile hali anataka kujua kwamba njia ya kutoka ipo hata kama hatoki.

Kama kuna watu wengine, watoe. Mpe kila mmoja kazi, hiyo ndio njia ya kumtoa mtu bila ugomvi. Mama yangu siku hizi akisikia namwambia tu "mama naomba ukalale na watoto, mimi nipo naye" na yeye anajua. Mtaani ni hivyohivyo, wale wanaojazana kuangalia mmoja mtume akalete maji, mwingine aite usafiri hata kama hauhitajiki sana, ilimradi wasogee.

Hatua ya pili, sentensi ya kwanza

Nilisema: "Nipo hapa. Ni ile ile. Inapanda, itashuka."

Basi. Maneno saba. Halafu nikanyamaza.

Kila neno hapo lina kazi yake. "Nipo hapa" ni kweli na anaweza kuihakikisha kwa macho yake. "Ni ile ile" inamkumbusha kwamba anaijua hii kitu, ameshaivuka, wala sihitaji kumtajia jina la ugonjwa. "Inapanda, itashuka" haimwambii uongo, haimwambii kwamba hasikii kitu. Angalia kwamba sikusema "hufi". Nilikuwa nasema hivyo zamani nikaona kila nikisema neno kufa analisikia hilohilo tu, ile "hu" ya mbele inapotea njiani.

Halafu uliza kabla ya kushika: "Nikushike mkono?" Wengine wakishikwa wanapona nusu, wengine wakishikwa wanahisi wamefungwa kamba. Na mtu huyohuyo anaweza kutaka leo na kesho asitake. Mke wangu alitikisa kichwa kukataa, nikaweka tu kiganja changu juu ya shuka karibu na mguu wake, kikiwa wazi, nikakiacha hapo. Kumkumbatia kwa nguvu kumzuia asitetemeke usifanye, kutetemeka hakumdhuru.

Usimuulize maswali marefu. Swali linalohitaji jibu la ndio au hapana kwa kichwa linatosha, maana kuongea kunahitaji pumzi na pumzi ndio shida yenyewe.

Hatua ya tatu, pumzi, na inaanza kwa kutoa

Saa 8:13 hivi, vidole vinachomachoma, ananionyesha mikono. Nikamwambia "hiyo ni pumzi ya haraka, inarudi. Toa pumzi na mimi." Neno ni TOA. Kuvuta atavuta mwenyewe, hakuna mtu aliyewahi kusahau kuvuta. Mwambie atoe polepole kama anapoza uji wa moto kwenye kikombe, midomo imebana kidogo, hewa inatoka nyembamba na ndefu. Sio kama anapuliza mkaa, nyembamba.

Mimi napumua kwa sauti ili asikie, navuta kwa puani nahesabu moyoni mpaka 4, natoa nahesabu mpaka 6. Yeye hataweza 6 mwanzoni, ataweza 2, sawa, usimsahihishe, wewe endelea na ya kwako tu na utaona baada ya dakika mbili tatu ya kwake inaanza kuifuata yako yenyewe. Kumhesabia kwa sauti kubwa "moja! mbili! tatu!" kama kocha kuna watu kunawasaidia na kuna watu kunawapandisha kwa sababu wakishindwa kufuata wanaona hata kupumua wameshindwa. Ukiona anakunja uso acha kuhesabu. Pumzi iwe ndogo pia, ya tumboni, mabega yasipande. Polepole ndio tunachotaka, kubwa hatuitaki.

Hapa nitaje la dini kwa sababu nyumbani kwetu haliwezi kukosa. Kama mwenyewe anataka kusali, asali, na wewe fuatana naye kwa sauti ya chini na polepole. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha kipimo chao kwamba watu wakisali rozari kwa Kilatini pumzi zao zinashuka mpaka kama 6 kwa dakika, na ukiangalia sio ajabu, sala yoyote ndefu inayotamkwa taratibu ni kutoa pumzi ndefu tu. Mke wangu anasoma sura fupi anazozijua toka madrasa. Lakini kumkemea pepo mtu aliyekaa pale na moyo unamkimbia, kumwekea mikono kichwani na kupiga kelele, hapana, hiyo ni kengele ya pili juu ya kengele.

Mfuko wa karatasi wa kupumulia ule tulioona kwenye filamu achana nao. Siku hizi haushauriwi, maana kama kumbe ni pumu au moyo unamnyima hewa mtu anayeihitaji kweli.

Hatua ya nne, kilele

Saa 8:17 hadi 8:20 ndio ilikuwa mbaya kabisa. Akasema "sijisikii kama nipo, naona kama ndoto, nachanganyikiwa, nakuwa kichaa." Hii inatisha sana kuisikia lakini ni sehemu ya ataki, mtu anahisi vitu sio halisi au yeye mwenyewe sio halisi. Jibu langu lilikuwa "ndio kilele hicho. Nipo." Usianze kubishana naye kwamba sio kichaa, ukibishana atakutafutia ushahidi.

Badala yake mrudishe kwenye vitu. Nilimwambia "weka nyayo chini." Sakafu yetu ni ya saruji, usiku inakuwa baridi, akaziweka. "Baridi?" Akatikisa kichwa ndio. "Nasikia feni. Wewe unasikia nini?" Kimya kirefu, halafu "mbwa". "Kingine?" "Jokofu." Ndivyo hivyo. Kuna ile ya kutaja vitu 5 unavyoona, 4 unavyogusa, 3 unavyosikia, 2 unavyonusa, 1 unachoonja, ni nzuri lakini kwenye kilele ni hesabu ndefu, mimi nachukua viwili vitatu tu vinatosha. Kitambaa cha maji ya baridi usoni kinasaidia pia, ukipoza uso mapigo ya moyo yanashuka kidogo, na hata kama hayajashuka sana ule ubaridi unamshika mtu mawazo. Mpe kitambaa ajiwekee mwenyewe, usimmwagie.

Na kukiwa na kimya, kiache kimya. Mimi kosa langu kubwa ni mdomo, nikiogopa naongea, na yeye baadaye aliniambia kitu kimoja nimekishika: "ukiongea sana nalazimika kukusikiliza, na mimi nina kazi."

Hatua ya tano, inaposhuka

Utaijua inashuka kwa vitu vidogo, anapiga miayo, anajikuna, anavuta shuka kwa sababu sasa anasikia baridi, analia kilio cha kawaida. Saa 8:31 akasema "naomba maji". Hapo sema "imepungua eeh?" umwachie yeye ajibu. Usitangaze ushindi, kuna siku inarudi wimbi la pili dogo baada ya dakika kumi, na kama ulishamwambia "imeisha, haitarudi tena" umekuwa mwongo na usiku ujao maneno yako hayana thamani.

Maji ya kawaida anywe kidogokidogo. Kahawa, chai kali na energi dirinki usimpe. Vidonge vya Valiamu vya jirani pia usimpe, najua kuna nyumba vipo kwenye kabati, vinalewesha, vinazoeleka haraka na ukichanganya na pombe au dawa nyingine kali vinaweza kuua pumzi. Kama daktari wake amempa dawa ya dharura hiyo ni ya kwake, kwa kiwango alichoandikiwa.

Wakati huo aibu inaingia. Atasema samahani nimewaamsha. Jibu lake "nilikuwa nataka kuwa hapa" au hata "lala bwana", kwa kawaida tu. Maswali ya "kwani ulikuwa unawaza nini?" subiri kesho. Ataki za usingizini hasa hazihitaji wazo wala ndoto mbaya, mtu anaamshwa na mwili wenyewe, ukimhoji atajisikia anatakiwa kutoa maelezo ambayo hana.

Maneno ya kumeza

"Tulia." Na ndugu yake "usipaniki". Angekuwa anaweza kutulia angeshatulia. Akisikia tulia anasikia kwamba kuna kitu rahisi watu wote wanakiweza na yeye kimemshinda.

"Ni mawazo tu, huna kitu." Mapigo 130 kwa dakika sio mawazo, unaweza kuyahesabu kwenye mkono wake. Ukisema hana kitu anabaki na mambo mawili ya kupigana nayo, ile hali yenyewe na wewe usiyemwamini. Kama lazima useme kitu, sema "mwili wako unafanya kazi kweli kweli, ila sio hatari".

"Wenzako wana shida kubwa kuliko zako." Hili mama yangu alikuwa analipenda. Sina maelezo marefu, lilikuwa linamliza siku mbili.

"Watu wanakuangalia." Kwenye daladala au kanisani ndio linatoka sana. Kuogopa kuonekana ni nusu ya ataki ya hadharani, umeshamwongezea nusu nyingine.

"Umekunywa dawa zako?" mbele ya watu, au "umeanza tena". Na ile ya utani, "twende Mirembe". Dodoma kuna hospitali inayotibu watu vizuri tu, tumeigeuza tusi, halafu tunashangaa watu wanaficha mpaka hali inakuwa mbaya.

Na kuna moja linaonekana la upendo lakini linachelewesha: "basi usiende, nitaenda mimi". Nitarudi hapo chini.

Kama yuko kwenye simu

Rafiki yangu mmoja ilimshika akiwa kwenye mwendokasi jioni, watu wamebanana, gari limesimama. Akanipigia. Kwenye simu huwezi kumshika wala kumwona, una sauti tu, kwa hiyo muulize mambo mawili: "uko wapi?" na "kuna mtu unamjua hapo?" Halafu mwambie "usikate, mimi sikati". Nikamwambia ashike chuma, anisimulie kama ni cha baridi au cha moto, nikawa natoa pumzi kwenye simu kwa sauti kama kichaa na mimi nipo ofisini, wenzangu wananitazama. Alitaka kushuka kituo kinachofuata. Nilimwambia "ukitaka shuka, ukiweza baki kituo kimoja zaidi tuone". Akabaki kimoja, akabaki viwili, ikashuka akiwa ndani. Hicho kituo kimoja cha ziada kilikuwa na thamani kwa sababu mwili wake ulijionea kwamba imepita bila kukimbia. Ila sikumlazimisha, angeshuka ningesema sawa vilevile. Anayeendesha gari mwenyewe ni tofauti, huyo aweke pembeni kwanza azime injini, mazungumzo baadaye.

Kesho yake, au keshokutwa

Chagua muda wa kawaida, mnamenya viazi, mnafua. Uliza: "ile usiku, nini nilisema kikasaidia, nini kiliudhi?" Swali hili limenifundisha kuliko kitu kingine chochote. Ndio nilijua mkono kwenye shuka ni sawa ila kusuguliwa mgongo hapana, na kwamba neno "mama" nikimwita lilikuwa linamtisha kwa sababu namwita hivyo nikiwa na wasiwasi.

Kisha lile la "usiende". Baada ya ataki mbili tatu mtu anaanza kukwepa, kwanza daladala, halafu sokoni, halafu kulala peke yake, halafu kanisani au msikitini. Na wewe kwa huruma unachukua kila kitu, unaenda wewe sokoni, unampeleka kazini, unakataa safari za kikazi. Mke wangu ilifika hatua haogi mpaka niwepo nyumbani. Kwa nje ni upendo, lakini kila anachokikwepa kengele inajifunza kwamba kweli palikuwa na hatari, na duara linazidi kuwa dogo. Tulichofanya ni kurudisha kidogokidogo: nilikaa mlangoni kwa bafu, wiki iliyofuata nikakaa sebuleni, iliyofuata nikaenda dukani nikarudi, halafu nikaenda kazini. Yeye ndiye alikuwa anaamua lini tunasogeza. Sentensi yake ilikuwa "nenda, nikishikwa nitakupigia", na siku aliyopiga sikurudi, tulipumua kwenye simu.

Kama zinajirudia, au kama mwezi mzima anaishi kwa kuogopa inayofuata, apelekwe kwa daktari wa afya ya akili au mwanasaikolojia, hospitali kubwa kama Muhimbili zina idara hiyo. Inatibika vizuri. Kuna tiba ya mazungumzo ambayo mtu anafundishwa kuzisoma zile dalili upya na kuzikabili kwa makusudi, mpaka mke wangu alikuwa anaambiwa azunguke kwenye kiti apate kizunguzungu ajue hakiui, mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa chumbani. Kuna dawa pia, zile za kundi la sononi kama fluoksetini na setralini, ambazo zinahitaji wiki kadhaa ndio zifanye kazi na siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo, kwa hiyo ukiona hivyo usimwambie aache, mrudisheni kwa daktari aliyempa. Na akikwambia hataki kuishi au anawaza kujidhuru hiyo sio ya kusubiri kliniki, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo.

Ndani ya mlango wa kabati letu la nguo kuna karatasi aliyoandika mwenyewe kwa kalamu ya watoto, ya kijani. Aliandika ya kwangu mimi, nisome na tochi nikichanganyikiwa. Imeandikwa: kaa chini. Nipo hapa. Ni ile ile. Toa pumzi. Halafu chini kabisa, kwa herufi kubwa na mistari miwili, USINIPEPEE.